Abiria wa kilo 70 sawa, boksi la kilo 15 hapana?

"Kiti cha nyuma cha pikipiki kinabeba mtu mzima bila shida. Mbona kwenye keria wameandika mzigo usizidi kilo 5?"

Kwa sababu chuma hakipimi kilo peke yake, kinapima pia umbali. Shika jembe kwenye ncha ya mpini, ulinyooshe mbele yako: mkono unachoka upesi. Lishike karibu na bapa, jembe lilelile linakuwa jepesi. Kifundo cha mkono ndicho maungio ya fremu ya nyuma, yaani pale vyuma vinavyobeba kiti na mkia vinapofungwa au kuchomelewa kwenye fremu kuu. Boksi ndilo bapa lililo mbali.

Tuchukue pikipiki ya mfano. Abiria ana kilo 70, lakini sehemu ya uzito wake, tuseme kilo 20, inashukia miguuni, na vikanyagio kwa kawaida hufungwa chini, karibu na fremu kuu. Kilo 50 zinabaki kitini, sentimita 30 nyuma ya maungio. Zidisha 50 kwa mita 0.3 upate 15. Sasa boksi: pamoja na vilivyomo lina kilo 15, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 80 nyuma ya maungio yaleyale. 15 mara 0.8 ni 12. Kwa nguvu ya kupinda, boksi lile dogo limekaribia kuwa abiria wa pili. Kwenye shimo, nguvu hizo zinaweza kuongezeka maradufu au zaidi kwa nukta moja. Mtu hujiinua kidogo kwa magoti na mwili wake unanepa. Boksi lililofungwa kwa bolti halina magoti.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaona keria nyembamba, wanasema kiwango kile ni udhaifu wa keria, kisha wanachomelea nyingine ya chuma kinene. Keria haitakatika tena, kweli. Ila kupinda hakujaondoka, kumesogea mbele tu hadi kwenye kiungo kinachofuata, na keria nene yenyewe imeongeza kilo mkiani. Palipokuwa na kipande cha kubadilisha kwa bolti nne, sasa panapasuka fremu. Ufa huanza kama mstari mwembamba kwenye rangi, kandokando ya mahali palipochomelewa, wakati mwingine ukiwa na kutu inayochuruzika. Dalili nyingine ni bolti zinazolegea tena na tena, au upenyo kati ya kiti na plastiki ya mkia unaozidi kupanuka. Kukaza kila wiki si tiba.

Isitoshe, fremu ikivumilia, usukani unaweza kukataa. Abiria wetu anakaa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, boksi liko sentimita 35 nyuma ya ekseli. Chochote kilicho nyuma ya ekseli hiyo kinanyanyua gurudumu la mbele. Ekseli zikiwa na mita 1.4 kati yake, kilo 15 zinaondoa mbele karibu kilo 3.8, na tairi la nyuma linapokea kilo 18.8, zaidi ya uzito wa boksi lenyewe! Kilo 3.8 si nyingi, ila mzigo ulio juu na mbali pia unauyumbisha mkia kama pendulo, na boksi kubwa linashika upepo. Kwa mwendo mkubwa pikipiki inaanza kunesa kushoto na kulia. Mwendo ukipungua, usukani unaweza kutetemeka mikononi. Si pikipiki zote hufanya hivyo: tairi lililokwisha au bearingi za usukani zilizolegea huleta mtikisiko huohuo, kwa hiyo zikaguliwe kabla ya kulilaumu boksi. Wala usijaribu kwa kuachia mikono.

Suluhisho ni kuhamisha uzito. Toa kilo 9 boksini, uzigawe sawa kwenye masanduku ya pembeni, chini, huku kitovu chake kikiwa sentimita 10 mbele ya ekseli, yaani sentimita 35 nyuma ya maungio. Boksi linabaki na kilo 6: 6 mara 0.8 ni 4.8. Za pembeni, 9 mara 0.35, ni 3.15. Jumla ni karibu 8 badala ya 12, na gurudumu la mbele linapoteza chini ya kilo 1. Uzito wa masanduku yenyewe na vishikio vyake haumo humo, nao unahesabika katika uzito wa juu unaoruhusiwa wa pikipiki, pamoja na wako na wa abiria. Kilo 6 nazo bado zimepita zile 5 za keria, na boksi tupu mara nyingi huwa na kilo 3 au 4. Yaani boksi la keria hiyo ni la koti la mvua na glovu.

Ukishapakia, kaza springi ya shokapu ya nyuma na ongeza upepo wa tairi kwa kipimo cha mzigo kilicho kwenye kitabu cha pikipiki, la sivyo mkia utalala na mbele kuzidi kuwa nyepesi.