Mnara wa Nyumba ya Maajabu na safu ya tarehe

Nikiletewa picha ya zamani ya Forodhani, Unguja, niiorodheshe kwenye katalogi, kwanza natafuta mnara. Nyumba ya Maajabu ilijengwa 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, na hapo mwanzo mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliushambulia mtaa huo wa majumba ya kifalme. Jumba lilipotengenezwa upya mwaka 1897, mnara mpya wa saa ukaunganishwa na jengo lenyewe. Kwa hiyo picha yenye mnara uliojitenga haiwezi kuwa ya baada ya matengenezo hayo, na yenye mnara ulioshikamana na jumba haiwezi kuwa ya kabla ya matengenezo.

Tuchukue mfano wa postikadi inayoonyesha mnara umeshikamana, na nyuma ina muhuri wa posta wa 1908. Muhuri hautuambii picha ilipigwa lini, kwa sababu kadi ziliendelea kuchapishwa na kuuzwa miaka mingi baada ya picha kupigwa. Unatupa kikomo tu. Rekodi yake naiandika hivi:

```
mada: Majumba ya kifalme; Minara
mahali: Unguja > Mji Mkongwe > Forodhani
tarehe: [1897..1908]
msingi: mnara umeshikamana; muhuri wa posta 1908
```

Mabano hayo yanafuata EDTF, kanuni ya kuandika tarehe kwenye kompyuta, na maana yake ni mwaka mmojawapo kati ya hiyo. Wengi huandika `1897/1908`, lakini mkwaju unamaanisha jambo lililodumu kipindi chote hicho, na picha hupigwa mara moja. Ukiwa na makadirio tu, andika `1900~`. Ukijua muongo peke yake, `190X`. Programu nyingi haziwezi kupanga mabano kwa mfuatano, hivyo ongeza safu mbili za namba tupu, mwaka wa kwanza na wa mwisho.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni tarehe ya kuskani kuingia mahali pa tarehe ya picha, maana programu huisoma yenyewe kutoka kwenye faili. Panga rekodi zote kwa tarehe: ukiona mamia ya picha za kanzu na majahazi zimerundikana siku moja ya mwaka jana, umelipata.

Mahali, anza na eneo kubwa ushuke hadi dogo, na usiandike “Zanzibar” peke yake, kwani mmoja atakusudia mji, mwingine kisiwa, mwingine visiwa vyote. Mada zitoke kwenye orodha moja mliyokubaliana. Maneno yaliyochapishwa kwenye kadi, hata yale ya kikoloni yanayotukana watu wetu, yanakiliwa kama yalivyo katika safu yake, wala hayageuzwi kuwa mada.

Safu ya msingi msiiache tupu kamwe. Akija mzee akasema gati linaloonekana pembeni lilijengwa baadaye, tutajua ni hoja ipi ya kupima upya kabla ya kuigusa tarehe.