Istilahi za tiba kwa mwaka wa kwanza: dhana potofu na ukweli, kwa kufuata ukoo wa maneno ya nyongo

Chukua neno kolesistektomi. Lina vipande vitatu: kole- ni nyongo, sist- ni kifuko, na -ektomi ni kuondoa kwa upasuaji. Ni upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo, kile kilicholala chini ya ini upande wa kulia. Kwa vipande hivi na vingine vichache unaweza kusoma sehemu kubwa ya maneno ya magonjwa ya nyongo, na ndiyo maana nimeuchagua ukoo huu mmoja ili kupima dhana ambazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupokezana kuhusu viambishi na mizizi. Istilahi nimeziandika kwa tahajia ya Kiswahili. Pale ambapo tahajia ya kitabuni ndiyo inayotofautisha maana, nitaeleza.

Dhana: Anza kwa kukariri orodha ndefu ya mizizi, kuanzia A hadi Z.

Orodha ya alfabeti ni mpangilio mzuri wa kutafutia neno, lakini ni mbaya kwa kujifunzia. Inaweka jirani vipande vinavyofanana kwa sura na visivyohusiana kwa maana, kwa hiyo mwanafunzi anavichanganya tangu siku ya kwanza.

Njia ya haraka ni kuchukua mfumo mmoja wa mwili, ule mnaoufundishwa wiki hiyo, na kujifunza mizizi yake michache pamoja na viambishi tamati vinavyorudiarudia. Kwa nyongo, mizizi mitano inatosha kuanzia: kole- (nyongo), sist- (kifuko), koledok- (mrija mkuu wa nyongo), angi- (mshipa au mrija) na lith- (jiwe). Ongeza viambishi tamati hivi: -itisi kwa inflamesheni, -iasisi kwa hali ya kuwa na kitu fulani, -ektomi kwa kuondoa, -tomi kwa kukata na kufungua, -stomi kwa kutengeneza tundu la kutolea kitu. Sasa kolelithiasisi inasomeka: hali ya kuwa na mawe ya nyongo. Koledokotomi ni kuupasua mrija mkuu wa nyongo, mara nyingi ili kutoa jiwe lililokwama.

Faida kubwa iko kwenye viambishi tamati, kwa sababu hivyo vinahama nawe. Mkifika kwenye figo utaongeza mzizi mmoja tu, nefr-, na mara moja utasoma nefrolithiasisi, nefrektomi na nefrostomi bila kufundishwa upya. Angalizo ni moja: si kila muungano unaoweza kuuunda unatumika kweli hospitalini, kwa hiyo neno ulilolitunga mwenyewe lithibitishe kwenye kamusi ya tiba kabla ya kuliandika kwenye mtihani.

Ukitengeneza kadi za kujipima, weka maana upande wa mbele na istilahi upande wa nyuma, kisha andika jibu kabla ya kugeuza. Wengi hufanya kinyume, wanaliangalia neno na kusema maana yake. Hilo ni rahisi mno na halikuonyeshi kama unajua kuliandika. Rudia kadi hizo kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki.

Dhana: Neno husomwa kuanzia mwanzo wake.

Ukianza na mwanzo wa koledokolithiasisi utachoka kabla hujafika popote. Anza mwisho: -iasisi, hali ya kuwa na kitu. Kitu gani? Lith-, jiwe. Wapi? Koledok-, kwenye mrija mkuu wa nyongo. Kiambishi tamati kinakuambia aina ya jambo, yaani kama ni ugonjwa, kipimo au upasuaji, na ukishajua hilo sehemu nyingine zinajipanga zenyewe. Kama neno lina kiambishi awali, kisome mara tu baada ya kiambishi tamati, kisha malizia na mizizi.

Ile O inayojitokeza katikati haina maana yake. Ni irabu unganishi ya kurahisisha matamshi. Huachwa pale kiambishi tamati kinapoanza na irabu, ndiyo maana tunasema gastritisi, na hubaki kinapoanza na konsonanti, kama gastroskopi. Kati ya mizizi miwili kwa kawaida hubaki hata kama wa pili unaanza na irabu: gastroenteritisi. Ukijua hili hutapoteza muda kutafuta maana ya herufi ambayo kazi yake ni kuunganisha tu.

Dhana: Vipande vinavyosikika sawa vina maana sawa.

Hapa ndipo makosa ya hatari yanapozaliwa, na ningependa mwanafunzi atumie muda mwingi hapa kuliko mahali pengine popote.

Sikiliza kolesistektomi na kolektomi. Ya kwanza inaondoa kifuko cha nyongo. Ya pili inaondoa utumbo mpana, wote au sehemu yake. Masikioni yote mawili huanza kwa kol-. Kitabuni, mzizi wa nyongo huandikwa kwa C ikifuatwa na H, na ule wa utumbo mpana hauna H. Herufi hiyo moja ndiyo mpaka kati ya kolangitisi, inflamesheni ya mirija ya nyongo, na kolitisi, inflamesheni ya utumbo mpana. Kuna na jirani wa tatu: kolp-, uke. Kolonoskopi hutazama utumbo mpana. Kolposkopi hutazama uke na mlango wa kizazi. Maneno haya matatu yajifunze siku tofauti, kila moja ndani ya mfumo wake wa mwili, kisha ndiyo uyaweke pamoja na kujipima.

Mzizi sist- nao una mtego. Ukisimama peke yake mbele ya kiambishi tamati, kwa mazoea ya tiba humaanisha kibofu cha mkojo: sistitisi ni ya kibofu, wala si ya nyongo. Lazima kole- itangulie ndipo uwe kifuko cha nyongo. Mazoea haya huwezi kuyabuni kwa kutenganisha vipande. Unayajifunza kwa kuyakuta.

Mtego wa mwisho uko mkiani. Kolesistektomi na kolesistostomi zinatofautiana kwa sauti chache tu. Ektomi inakiondoa kifuko. Stomi inakiacha mahali pake na kukitoboa ili mrija utoe nyongo na usaha nje, jambo linalofanywa hasa kwa mgonjwa ambaye hali yake haiwezi kuhimili upasuaji. Mtu anayeandika moja akimaanisha nyingine ameandika matibabu tofauti kabisa. Ukitaka kujua kama unazitofautisha kweli, mwombe mwenzako akusomee kwa sauti -tomi, -stomi na -ektomi kwenye mizizi mbalimbali, nawe uandike bila kuona. Ukiandika koledokostomi mahali pa koledokotomi, umekijua kipande kinachohitaji kazi zaidi.

Dhana: -itisi ni maambukizi, na -oma ni saratani.

Kiambishi -itisi kinasema inflamesheni tu, yaani mwitikio wa tishu iliyojeruhiwa: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Hakisemi nani aliyejeruhi. Katika kolesistitisi ya ghafla, mara nyingi jiwe huziba mlango wa kutokea kwenye kifuko, nyongo inakwama, ukuta unatanuka na kuumia. Bakteria mara nyingi huja baadaye. Pankreatitisi, inflamesheni ya kongosho, husababishwa sana na mawe ya nyongo au pombe. Kolangitisi ya ghafla kwa kawaida ni maambukizi kweli, lakini ipo kolangitisi nyingine ya muda mrefu ambayo mirija hupata makovu na kuwa myembamba bila maambukizi kuwa chanzo. Kiambishi ni kilekile kwa zote.

Na -oma? Lipoma ni uvimbe wa mafuta usio saratani, limfoma ni saratani, hematoma ni damu iliyokusanyika mahali pamoja, na glaukoma ni ugonjwa wa jicho unaoharibu neva ya kuonea. Usimtishe mgonjwa, wala usimtulize, kwa kusoma kiambishi.

Dhana: Kila kiungo kina mzizi mmoja.

Vingi vina miwili, mmoja wa Kigiriki na mmoja wa Kilatini. Nyongo ni kole- kwa Kigiriki na bil- kwa Kilatini, ndiyo maana kuna kolesistitisi na pia bilirubini. Jiwe ni lith- na pia kalkul-. Figo ni nefr- na ren-. Kwa kawaida Kigiriki hutawala majina ya magonjwa na upasuaji, na Kilatini hutawala maelezo ya anatomia: nefritisi ni ugonjwa, ateri ya rena ni mshipa wa figo. Sheria hii ina mianya mingi, lakini inapunguza kubahatisha. Huna haja ya kujifunza lugha hizo zenyewe.

Dhana: Ukishalitenganisha neno, umeuelewa ugonjwa.

Tuseme umekuta kwenye faili: “Kolelithiasisi. Kolesistitisi ya ghafla. Imepangwa kolesistektomi ya laparoskopi.” Kwa vipande unasoma: mawe ya nyongo, inflamesheni ya kifuko cha nyongo, kuondoa kifuko hicho kwa kutazama ndani ya tumbo kwa chombo. Usomaji huo ni sahihi, ila angalia ulichokikosa. Kolelithiasisi kwa vipande ni mawe ya nyongo popote yalipo. Madaktari kwa kawaida wanamaanisha yaliyo ndani ya kifuko. Neno halikuambii pia kwamba watu wengi wenye mawe hayo hawana dalili yoyote na hawahitaji upasuaji. Lapar- kwa asili ni ubavu laini kati ya mbavu na nyonga, ilhali leo humaanisha tumbo kwa ujumla, na hakuna kipande kinachotaja matundu madogo ambamo kamera na vifaa hupitishwa.

Ukurasa unaofuata ungeandikwa “kolesistitisi ya akalkulasi”, kiambishi awali a- kingekuambia kwamba hakuna mawe. Kisichoonekana ndani ya neno ni kwamba hali hiyo huwapata hasa wagonjwa mahututi, walioungua sana au waliotoka kwenye upasuaji mkubwa, na kwamba ni rahisi kuikosa kwa sababu mgonjwa hawezi kueleza maumivu yake.

Kolangitisi ya ghafla ndiyo inayoonyesha pengo hili waziwazi. Vipande vinasema nyongo, mrija, inflamesheni. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuja na homa yenye kutetemeka, maumivu ya juu kulia tumboni na macho ya manjano, mrija umeziba, na bakteria wanaingia kwenye damu. Pamoja na antibiotiki na maji ya mishipani, mara nyingi anahitaji mrija huo uzibuliwe, na katika hali kali hilo hufanywa haraka.