Hela ya matajiri haitoroki kwa mabegi

"Si serikali ikague tu mabegi ya matajiri pale eapoti, hela itatorokaje?"

Jamani hela nyingi haipiti eapoti kabisa. Chukua Argentina 2001, kisheria peso moja ilikuwa sawa na dola moja, sasa mwenye hela akishaona serikali imelemewa na madeni na hiyo bei haitadumu, anaiambia benki igeuze peso zake ziwe dola na izitume kwenye akaunti yake ya nje, basi, hakuna noti iliyoguswa ila akiba ya dola ya benki kuu ndo inapungua. Kampuni nazo zinauza bidhaa nje halafu zinachelewesha kurudisha malipo nyumbani.

Mwanzoni mwa Desemba serikali ikabana akaunti, mtu anatoa peso 250 tu kwa wiki, lakini wakubwa wengi walishahamisha mapema. Na hilo ndo linaniuma, waliokwama ni watu wa kawaida, maana 2002 dola walizoweka benki ziligeuzwa kwa lazima kuwa peso 1.40 kila moja wakati katikati ya mwaka mtaani dola ilikuwa imepita peso 3.