Saa yako haijui uko mita ngapi

Kila ninapowasimamisha watu mwanzo wa njia ili tuziweke saa za mkononi sawa na urefu wa hapo, hakosekani mmoja wa kuniambia kwamba yake haihitaji. Ni ya bei kubwa, ilishapimwa kiwandani, na safari iliyopita ilionyesha urefu barabara. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa kirefu, maana anayeliamini ndiye atakayekata kona mahali pasipo na kona siku ukungu utakapofunga mlima.

Saa haipimi urefu. Ndani yake mna sensa moja ndogo inayopima mgandamizo wa hewa, basi. Altimita ya urefu na baromita ya hali ya hewa, unazobadilisha kwa kubonyeza kitufe, ni sura mbili za sensa hiyo hiyo. Ukipanda, mgandamizo unashuka. Hali ya hewa ikianza kuharibika, mgandamizo unashuka vilevile, hata kama umejilaza hemani. Sensa inachokiona ni kule kushuka tu. Sababu yake haiwezi kuijua. Kiwanda kinachoweza kukuhakikishia ni kwamba hektopaskali, yaani vizio vya mgandamizo, zinasomwa sawasawa. Hewa itakayokuwa juu ya mlima wako asubuhi ya safari, kiwanda kitaijulia wapi?

Ili kuzigeuza hektopaskali kuwa mita, saa hutumia kanuni ya hewa ya kawaida: usawa wa bahari mgandamizo ni hektopaskali 1013.25 na joto nyuzi 15, na joto hilo hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1000 unazopanda. Hewa ya namna hiyo ni wastani wa kitabuni. Ile unayoivuta kifuani huwa imepishana nayo karibu kila siku. Na kosa dogo la mgandamizo si dogo ukilitazama kwa mita: karibu na bahari hektopaskali 1 ni kama mita 8, kwenye mita 2000 ni kama 10, na kwenye mita 5000 inakaribia 14. Kadiri unavyopanda, ndivyo kosa lile lile linavyozidi kukupoteza.

Chukua mfano huu. Njia yako inaanzia kwenye kibao cha mita 1840. Ramani inaonyesha kwamba ukifika mita 2360 uache mgongo wa mlima na kushika njia ya kushoto, inayokata mteremko kuelekea kambini. Saa uliirekebisha siku mbili zilizopita, na tangu hapo mgandamizo umeshuka hektopaskali 6. Unaposimama kwenye kibao, saa inasoma 1900. Wengi hutazama, wakasema tofauti ni ndogo, wakaanza kutembea.

Mita 60 za kwenda juu si ndogo. Juu ya mgongo wa mlima hizo ni dakika kadhaa za kupanda, na mteremko wa kushoto unaweza kuwa na vijia vya wanyama kila hatua. Saa itakapoandika 2360 utakuwa bado hujaifikia njia panda. Ukungu ukiwa mzito, utakiona kijia, utaitazama saa, utaiamini, na utaingia kushoto mapema. Kwenye kibao ungeingia tu sehemu ya kuweka urefu, ukaandika 1840, ukathibitisha. Kazi ya nusu dakika.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, yaani imani kwamba ukisharekebisha asubuhi umemaliza kazi. Rudi kwenye mfano wetu. Umeweka 1840, vizuri. Lakini siku ni ya joto, na hewa kati ya kibao na njia panda ina joto la nyuzi 12 zaidi ya ile ya kanuni. Hewa yenye joto imetanuka, kwa hiyo unapanda mita nyingi zaidi kabla mgandamizo haujashuka kiasi kile kile. Kosa ni takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Wewe umepanda mita 520 za kweli, saa imehesabu 498. Umesimama kwenye njia panda yenyewe, kwenye 2360, na saa inasoma 2338. Hakuna kilichoharibika, wala hukukosea kuirekebisha. Kama bado unasubiri 2360 kwenye kioo, utaipita njia yako.

Siku ya baridi kali kosa hugeuka: saa inahesabu mita nyingi kuliko ulizopanda, na unadhani uko juu kuliko ulipo. Na yapo makosa yanayofutana. Katika mfano wetu, aliyeacha saa ikisoma 1900 atafika njia panda saa ikisoma 2398, ile ziada ya 60 ikiwa imeliwa na upungufu wa 22. Mgandamizo ungekuwa umeshuka hektopaskali 2 tu badala ya 6, saa yake ingemwonyesha karibu 2360 kamili bila kuigusa. Hapo ndipo inapozaliwa ile hadithi ya saa isiyohitaji kurekebishwa. Makosa mawili yalikutana yakamalizana, na safari ijayo yanaweza kujumlishana.

Ndiyo maana mimi hurekebisha kila ninapofika mahali ambapo urefu wake naujua kwa hakika: daraja, nguzo ya wapima ardhi, kibanda cha kulala, mahali njia inapokata kijito kilichochorwa kwenye ramani. Ukifanya hivyo kila baada ya mita 200 au 300 za kupanda, kosa la joto halipati nafasi ya kukua. Sehemu pana isiyo na alama, ambapo kontua, ile mistari ya urefu kwenye ramani, zimeachana, siitumii hata kidogo. Kurekebisha kwa urefu wa kubahatisha ni kuongeza kosa juu ya kosa.

Ukilala kambini, fanya hivi. Jioni andika urefu wa kambi, tuseme 2400. Asubuhi, kabla ya kuondoka, tazama tena. Ikisoma 2432 na kambi haijahama, maana yake mgandamizo umeshuka kama hektopaskali 3 usiku. Hiyo ni taarifa ya hali ya hewa uliyopewa bure, izingatie kwanza, kisha rudisha saa kwenye 2400. Ila usikurupuke kila unapoona mabadiliko. Katika nchi za tropiki mgandamizo una mwendo wake wa kila siku: hupanda hadi mnamo saa nne asubuhi, hushuka hadi mnamo saa kumi jioni, hupanda tena hadi saa nne usiku, kisha hushuka hadi alfajiri. Karibu na bahari, ule mshuko wa mchana peke yake unaweza kufika hektopaskali 3 au 4, na saa itakuambia umepanda mita 25 au 30 ukiwa umekaa kitini. Kwa hiyo ukitaka kuisoma hali ya hewa kwa uhakika zaidi, linganisha asubuhi na asubuhi, jioni na jioni.

Baromita yenyewe inategemea urefu ule ule. Namba ya mgandamizo wa usawa wa bahari si kipimo cha moja kwa moja. Saa inachukua mgandamizo wa hapo ulipo, inaongeza uzito wa hewa ambayo ingekuwapo kati yako na bahari, ndipo inakupa jibu. Ukiwa kwenye kibao cha 1840 na saa inaamini 1900, namba hiyo itazidi kwa hektopaskali 7 hivi, na utaona dalili za anga tulivu zisizokuwapo. Weka urefu sahihi, na namba hii inajirekebisha yenyewe. Kisha ilinganishe na taarifa ya kituo cha hali ya hewa au uwanja wa ndege wa karibu. Ukifanya hivyo mahali pa chini, urefu ukiwa sahihi, na bado saa inapishana nao kwa hektopaskali nyingi siku baada ya siku, basi sensa ndiyo yenye walakini. Kabla ya kuilaumu, kagua vitundu vyake ubavuni mwa saa. Jasho lililokauka, mafuta ya jua na tope huviziba. Suuza kwa maji safi ya vuguvugu, usichokonoe kwa pini.

Hapa nakiri nina wasiwasi. Saa nyingi zina hali tatu: ALTI, BARO na AUTO. Ya tatu hukisia kama unatembea au umetulia, kisha huamua mabadiliko yaandikwe upande upi. Siiamini njiani, hasa nikipanda polepole sana au nikipumzika mara kwa mara. Nikitembea naweka ALTI, nikifika kambini naweka BARO. Kengele ya dhoruba, ile inayolia mgandamizo ukishuka kwa mfano hektopaskali 4 ndani ya saa 3, naipa uzito nikiwa nimetulia tu.

Kuhusu GPS: ndiyo, inaweza kurekebisha altimita yenyewe, na inasaidia. Lakini urefu ndio sehemu dhaifu ya GPS, kwa kawaida kosa lake huzidi lile la kushoto na kulia, na kwenye bonde jembamba linakuwa kubwa zaidi. Nikiwa na kibao cha mita 1840 mbele yangu, naamini kibao.

Dira iliyomo ndani ya saa ni habari nyingine kabisa, kwa sababu adui yake umemfunga mkononi. Betri, fremu na vifungo vya chuma vina usumaku wao, na ndio huo unaoondolewa kwenye hesabu unapoizungusha saa kama unachora namba nane hewani. Kwa hiyo izungushe ikiwa na mkanda utakaosafiri nao, mbali na gari, simu na fimbo za chuma. Ukibadilisha betri au mkanda, rudia. Mkanda wenye kifungo cha sumaku uache nyumbani.

Kupima kama imekubali ni rahisi. Tafuta mstari ulionyooka, ukingo wa njia au wa ubao, ulaze saa sambamba nao na usome. Tuseme 72. Igeuze nyuma mbele juu ya mstari ule ule, na inapaswa kusoma 252. Ikisoma 238, kuna nyuzi 14 za uongo, na kwa kila kilomita utakayofuata kosa la nyuzi 10 tu utakuwa umeenda kando kama mita 175. Zungusha tena, sogea hatua kadhaa kutoka ulipo, upime upya. Mwisho weka tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani, ukitazama ni mashariki au magharibi, kwa kuwa anayekosea upande hupata kosa mara mbili. Tofauti hiyo hubadilika mahali kwa mahali na mwaka kwa mwaka, kwa hiyo ile ya ramani ya zamani ihakiki kwanza kabla hujaiingiza.