Kwa nini jina la mtoto hukaa ndani ya kola

Je, wajua kwa nini kituo cha kulelea watoto huchapa nembo yake kubwa kwenye fulana, lakini jina la mtoto halionekani popote?

Kwa mtoto wa miaka mitatu, anayelijua jina lake si mgeni. Mtu akisoma "Neema" mgongoni na kumwita kwa upole, mtoto anageuka na pengine anamfuata. Jina lililochapwa kwa upendo linakuwa limempa kila mpita njia neno la kumvutia mtoto.

Siku ya matembezi, nje ya fulana panatosha vitu viwili: jina la kituo na namba ya simu. Mtoto akipotea, msamaria mwema anajua pa kupiga, na mwenye nia mbaya hana jina la kuitia. Namba hiyo iwe ya simu aliyonayo mlezi aliye na watoto wakati huo. Nimeona fulana nzuri sana zenye namba ya ofisi, na siku ya matembezi ofisi imefungwa.

Rangi nayo ichaguliwe kwa kuangalia mahali watoto wanapokwenda. Bluu inapendeza kwenye bango, lakini mtoto mwenye nguo ya bluu akiwa majini haonekani upesi, na kijani kinamezwa na majani ya bustani. Kwa kituo cha Dar es Salaam kinachopeleka watoto ufukweni, ningechagua rangi ya chungwa iliyokolea, hata kama nembo ina rangi nyingine.

Jina lenyewe hushonwa kwa ndani, kwenye lebo laini ya kitambaa. Pembeni yake, kituo makini huweka picha: Neema ni samaki, Juma ni jua. Picha hiyo hiyo inakuwa kwenye kikombe chake, taulo lake na mahali anapotundika begi. Mtoto asiyejua kusoma anafika asubuhi, anaona samaki wake na kujua kwamba pale ni pake. Mimi naona hapa ndipo upendo wa kituo unapoonekana, kuliko kwenye maneno yoyote ya ukutani. Lakini picha isitumike kwenye dawa. Dawa hutolewa kwa jina kamili, kipimo na saa alivyoandika mzazi, na mlezi anasaini baada ya kumpa.

Sasa twende kwa fundi. Nembo iliyodariziwa inadumu, ila upande wa ndani huwa na nyuzi ngumu zinazokwaruza ngozi. Mwambie afunike kwa kitambaa laini, la sivyo mtoto atashinda anajikuna kifuani. Nembo ya kubandika kwa pasi ya moto ni rahisi, lakini ikianza kuachia kingo, vidole vidogo huibandua na vipande huishia mdomoni. Omba sampuli moja, ifue mara kadhaa, kisha ivute kwa mikono miwili. Ikipasuka au kuinuka pembeni, usiagize nyingine. Kama ni sweta yenye kofia, isiwe na kamba. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 kinakataza kamba kwenye kofia na shingo za nguo za watoto walio chini ya miaka 7, kwa sababu zikinasa kwenye bembea zinakaba.

Kwa walezi, kanuni inageuka: jina lao lazima lionekane, ili mzazi ajue anamkabidhi nani mtoto wake. Ugumu uko kwenye beji. Ya pini humchoma mtoto anayebebwa, na ya kamba ya shingoni huvutwa. Ya sumaku ndiyo naiogopa zaidi, kwa kuwa sumaku mbili zikimezwa hushikana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Jina lidariziwe kifuani, kwa herufi zinazosomeka mtu akiwa hatua chache mbali.

Fulana ya mlezi ni kama ufunguo wa geti: anayeivaa hupita bila kuulizwa. Kwa hiyo kila fulana hupewa namba na kuandikwa kwenye daftari pamoja na jina la aliyekabidhiwa. Mlezi akiacha kazi anairudisha kabla ya malipo ya mwisho, na iliyochakaa hukatwa nembo kabla ya kutupwa au kugawiwa. Hata hivyo, sare pekee haimpi mtu ruhusa ya kuondoka na mtoto. Getini pawe na orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto, yenye picha zao, na akija mtu asiyekuwemo, mzazi anapigiwa kwa namba iliyo kwenye faili, si ile anayoitaja mgeni.