Usimamizi kwa Malengo na Ngazi Tatu za Mipango: Dhana Potofu na Ukweli

Swali la kawaida katika mtihani wa menejimenti humtaka mtahiniwa aeleze mpango mkakati, mpango wa kimbinu na mpango wa kiutendaji, kisha aonyeshe jinsi mipango hiyo inavyoungana kupitia usimamizi kwa malengo, yaani mfumo ambao msimamizi na anayemsimamia hukubaliana malengo mapema, kisha huyapitia na kuyatathmini. Sehemu ya kwanza huwa haina tabu. Alama hupotea katika sehemu ya pili, kwa sababu majibu mengi hutoa fasili zilizo sahihi, kila moja ikiwa imekaa peke yake, bila kuonyesha kinachozifunga pamoja. Chini ya udhaifu huo zimo dhana chache potofu. Ili tuzipime kwa kitu kinachoonekana, nitatumia mfano mmoja wa kubuni: mamlaka ya maji ya mji wa wastani inayozalisha lita milioni 10 kwa siku, na ambayo asilimia 40 ya maji hayo hayailetei mapato, ama kwa sababu yanavuja njiani, ama yanaibwa, ama yanapita kwenye mita mbovu zisizoyahesabu.

Dhana: Kinachotofautisha mipango hii mitatu ni muda wake.

Wanafunzi hukariri kwamba mkakati ni wa miaka mitano, mbinu ni ya mwaka mmoja au miwili, na utendaji ni wa siku hadi miezi. Mgawanyo huo unafaa kama kielelezo cha jumla, lakini si kiini cha tofauti. Kiini ni nani anayeamua, uamuzi unagusa sehemu kubwa kiasi gani ya taasisi, na ni vigumu kiasi gani kuurudisha nyuma. Bodi ya mamlaka yetu ikikutana kwa dharura na kuamua kwa siku moja kwamba itapunguza upotevu badala ya kukopa fedha za kujenga chanzo kipya cha maji, huo ni uamuzi wa kimkakati, hata kama umefanywa haraka, kwa sababu unaielekeza taasisi nzima. Kwa upande mwingine, ratiba ya kusafisha vichujio inaweza kufuatwa bila kubadilika kwa miaka kumi na bado ikabaki kuwa mpango wa kiutendaji. Ndiyo maana vitabu vingi huweka taratibu na kanuni katika kundi la mipango ya kudumu, na bajeti au mradi katika kundi la mipango inayotumika mara moja.

Dhana: Mipango huungana kwa kukata lengo kubwa vipande na kuvigawa.

Hapa ndipo penye uzito wa swali, na mtahiniwa afadhali atumie muda wake mwingi hapa. Tuseme mpango mkakati wa mamlaka yetu unataka upotevu ushuke kutoka asilimia 40 hadi 25 katika miaka mitano. Kwa uzalishaji usiobadilika, maji yanayopotea yatatoka lita milioni 4 hadi milioni 2.5 kwa siku. Mwaka wa kwanza umepangiwa kufika asilimia 36, maana yake ni kuokoa lita 400,000 kwa siku. Mtu anayeamini katika kukata vipande ataandikia kila idara lengo lilelile: "kupunguza upotevu kwa pointi nne za asilimia." Karani wa ankara akilisoma lengo hilo hajui afanye nini kesho asubuhi, na fundi wa mabomba pia hajui.

Kinachotakiwa ni kulitafsiri lengo, kwa namna ambayo lengo la ngazi ya chini linakuwa njia ya kulifikia lengo la ngazi ya juu. Wakuu wa idara wanakaa na kukubaliana kwamba idara ya ufundi itaokoa lita 250,000 kwa kudhibiti mivujo, na idara ya biashara itaokoa lita 150,000 kwa kubadilisha mita zilizochakaa ili maji yaliyokuwa yakipita bure yaanze kulipiwa. Huo ndio mpango wa kimbinu: unasema kila idara itachangia nini na kwa rasilimali zipi. Sasa tuifuate idara ya biashara hadi chini. Ikiwa vipimo vya majaribio vimeonyesha kwamba mita moja mpya hurudisha kwa wastani lita 50 kwa siku, lita 150,000 zinahitaji mita 3,000. Zikigawanywa kwa wiki 50 za kazi, zinakuwa mita 60 kwa wiki. Msimamizi wa mafundi anaandaa ratiba ya mitaa, anapanga watu wawili wawili, na kila Ijumaa anajua kama yuko mbele au nyuma. Huo ndio mpango wa kiutendaji.

Mnyororo huu unaweza kukaguliwa kwa maswali mawili. Ukiusoma kutoka juu kwenda chini, kila ngazi lazima ijibu swali "kwa njia gani?", na ukiusoma kutoka chini kwenda juu, kila ngazi lazima ijibu swali "kwa nini?". Mita 60 kwa wiki, kwa nini? Ili zifike 3,000 kwa mwaka. Kwa nini 3,000? Ili lita 150,000 zianze kulipiwa. Kazi isiyo na jibu la "kwa nini" imening'inia, na lengo lisilo na jibu la "kwa njia gani" ni matumaini tu.

Mnyororo hukatika mara nyingi katikati, kwenye mbinu. Fikiria bajeti ya mwaka imeruhusu kununua mita 1,500 pekee. Mpango mkakati bado unasomeka vizuri na ratiba ya mafundi bado imebandikwa ukutani, lakini ifikapo katikati ya mwaka stoo itakuwa tupu. Dalili huonekana mapema kwa yeyote anayelinganisha karatasi mbili, ya malengo na ya bajeti, na kuuliza kama hesabu zake zinakutana. Mtahiniwa anayeeleza kwamba ngazi ya kimbinu ndiyo inayofunga lengo na fedha pamoja, na anayeonyesha kwa tarakimu jinsi kifungo hicho kinavyoweza kulegea, ameonyesha uhusiano wa mipango kwa undani ambao fasili peke yake haiwezi kuufikia.

Dhana: Usimamizi kwa malengo ni mkubwa kumpangia mdogo shabaha za kufikia.

Mwandishi wa menejimenti Peter Drucker alipoueleza mfumo huu katika kitabu chake cha mwaka 1954, alizungumzia usimamizi kwa malengo pamoja na kujidhibiti. Nusu ya pili ya wazo lake ndiyo inayosahauliwa. Meneja anatakiwa ashiriki kuweka malengo ya kitengo chake na apate taarifa za matokeo yake mwenyewe, ili ajirekebishe kabla hajaitwa ofisini. Katika mfano wetu, msimamizi wa mafundi ndiye anayejua kwamba mitaa fulani ina vichochoro na mabomba yaliyofukiwa chini ya sakafu, na kwamba huko mita 60 kwa wiki haiwezekani. Asiposhirikishwa, atakubali kwa mdomo, na ukweli utajitokeza mwisho wa mwaka.

Hata hivyo kushirikiana hakumaanishi kila mtu kujichagulia analotaka. Mjadala unafanyika ndani ya mipaka ya mnyororo: lita 150,000 hazijadiliwi na fundi, lakini mpangilio wa wiki, idadi ya watu na vifaa vinajadiliwa. Ikidhihirika kwamba idadi ya mita haifikiki, mkuu wa idara hurudi kwa wenzake na hesabu mpya.

Uongozi wa juu nao hauwezi kuuachia mfumo kwa idara ya rasilimali watu. Robert Rodgers na John Hunter walikusanya tafiti 70 kuhusu mfumo huu katika uchambuzi wao wa mwaka 1991, na 68 kati yake zilionyesha tija ikipanda. Pale uongozi wa juu ulipojihusisha kwa dhati, wastani wa ongezeko ulikuwa asilimia 56. Pale ulipojihusisha kidogo, ulikuwa asilimia 6. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi mmoja unaofaa zaidi kuukumbuka katika chumba cha mtihani.

Dhana: Mipango hushuka tu, ngazi ya chini hutekeleza na kuripoti.

Ripoti zinazopanda zinaweza kuubadilisha mkakati wenyewe. Tuseme idara ya ufundi inarekebisha kila mvujo unaoripotiwa, lakini upotevu haushuki. Mafundi wanapima maji yanayoingia katika eneo moja kati ya saa 8 na saa 10 usiku, wakati wateja wengi wamelala, na wanakuta mtiririko ni mkubwa mno. Maana yake ni kwamba kuna mivujo mingi iliyojificha ardhini, na huenda shinikizo la maji usiku ndilo linaloyapasua mabomba. Mwendo wa kurekebisha kilichoripotiwa hautoshi tena. Pengine mpango wa kimbinu uhamishe fedha kwenda kwenye valvu za kupunguza shinikizo, na pengine bodi ikubali kwamba miaka mitano haitatosha bila kubadilisha mabomba ya zamani. Taarifa iliyobadilisha yote hayo imetoka kwa mafundi wa zamu.

Dhana: Kila mfanyakazi akifikia malengo yake, taasisi nayo imefikia yake.

Ingekuwa hivyo kama kila kipimo kingebeba kila kitu tunachokitaka. Mpe msimamizi lengo la kurekebisha mivujo ndani ya saa 24, na utapata mivujo iliyofungwa ndani ya saa 24, mingine kwa vipande vya mpira vitakavyoachia baada ya wiki mbili. Lengo lake limetimia na maji yanaendelea kupotea. Mtaalamu wa ubora W. Edwards Deming aliupinga usimamizi kwa malengo kwa hoja inayokaribiana na hiyo, na mtahiniwa anayejadili mapungufu ya mfumo huu ana haki ya kumtaja. Tiba ya kawaida ni kukioanisha kipimo cha kasi na kipimo cha ubora, kwa mfano sehemu zilizorekebishwa ambazo hazikuvuja tena ndani ya miezi mitatu, na kuzipa idara mbili lengo moja la pamoja pale kazi zao zinapogusana.

Dhana: Usimamizi kwa malengo ni fomu ya tathmini ya mwisho wa mwaka.

Watumishi wa umma nchini Tanzania waliutumia kwa miaka mingi mfumo wa OPRAS, ulioanzishwa mwaka 2004, ambapo mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wakayapitia katikati ya mwaka, na kuyatathmini mwishoni. Hatua hizo ndizo hatua za usimamizi kwa malengo. Inayopuuzwa kwa urahisi ni ile ya katikati. Katika mamlaka yetu, mapitio ya katikati ya mwaka ndiyo nafasi ya kugundua kwamba mita 1,500 zinakaribia kwisha, ya kuamua kama fedha zitafutwe au lengo lishushwe hadi lita 75,000, na ya kuandika upya makubaliano ya kila ngazi kwa tarakimu hizo mpya, kuanzia mkuu wa idara ya biashara hadi msimamizi wa mafundi.