Rangi nne za ramani: kwa nini tatu huishia njiani

Kupaka ramani rangi kuna sharti moja: maeneo mawili yanayopakana yasipewe rangi moja. Kupakana maana yake ni kuwa na mpaka wenye urefu. Kugusana kwenye nukta hakuhesabiwi, kwa hiyo Utah na New Mexico, majimbo ya Marekani yanayokutana kwenye pembe tu, yanaweza kufanana.

Je, rangi chache kabisa zinazotosha ni ngapi? Wengi hudhani ya nne huhitajika pale tu maeneo manne yanapopakana yote kwa yote. Ndivyo ilivyo kwa Malawi, Tanzania, Zambia na Msumbiji: kila nchi ina mpaka na tatu zilizobaki. Lakini hiyo si sababu pekee, na hapa ndipo watu hukwama.

Chukua Nevada. Imezungukwa na majimbo matano yaliyofuatana kama pete: California, Oregon, Idaho, Utah, Arizona, kisha California tena. Ndani ya kundi hili, kila moja linapakana na Nevada pamoja na jirani zake wawili wa kwenye pete, basi. Hakuna manne yanayopakana yote. Sasa jaribu kutumia rangi tatu. Nevada ikiwa njano, pete yote inabakiwa na nyekundu na buluu, nazo lazima zipokezane. California nyekundu, Oregon buluu, Idaho nyekundu, Utah buluu. Arizona je? Buluu imezuiwa na Utah, nyekundu imezuiwa na California, njano imezuiwa na Nevada. Inabidi ichukue kijani. Ukianza na jimbo jingine unahamisha tatizo tu, kwa sababu rangi mbili haziwezi kupokezana kwenye pete yenye idadi witiri bila za mwisho kugongana.

Majirani wangekuwa wanne au sita, au pete ingekatika mahali kwa bahari, mbili zingetosha kuizunguka Nevada. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, mimi huhesabu kwanza majirani wa kila eneo lililozungukwa na pete isiyokatika. Shufwa haikuhakikishii kitu, maana maeneo ya nje ya pete nayo yana madai yake. Witiri, kuanzia majirani watatu, inakwambia mapema kwamba tatu hazitafika.

Na nne hutosha daima? Francis Guthrie alilibashiri hilo mwaka 1852 akipaka kaunti za Uingereza. Uthibitisho wa Alfred Kempe wa 1879 ulikubalika hadi 1890, Percy Heawood alipouonyesha kasoro, ingawa yeye mwenyewe alithibitisha kwamba tano zinatosha. Nne zilithibitishwa mwaka 1976 na Kenneth Appel na Wolfgang Haken, waliotumia kompyuta kukagua hali nyingi mno zisizoweza kukaguliwa kwa mkono.

Uthibitisho huo unadai kila eneo liwe kipande kimoja. Kaliningrad, sehemu ya Urusi iliyojitenga kati ya Poland na Lithuania, ikilazimishwa kuwa na rangi ya Urusi, ahadi ya nne haipo tena, na ramani yenye vipande vingi vya aina hiyo inaweza kudai tano au zaidi.